Yogati au mbegu ya joto la chumba: ipi inafaa jiko lisilo na moto kabisa?

#1 MpishiBweni
Wakuu, habari za jioni. Niko bweni Iringa. Hapa hairuhusiwi jiko la aina yoyote, hita ya maji wala birika la umeme, na friji hakuna. Mwezi huu wa 7 kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 15 alfajiri na 20 mchana. Nataka kugandisha lita moja ya maziwa kila baada ya siku mbili tatu. Kwa ninavyojua, mbegu ya yogati inataka nyuzi 43 na bila moto haigandi, kwa hiyo mtu wa hali yangu anabakiwa na mbegu za joto la chumba tu: mtindi wa kawaida, kefir na zile za Ulaya. Anayepinga aseme.

#2 Ngano2
Nunua kile kijiko kidogo cha gesi cha mtungi wa kilo 6, unachemsha maziwa dakika kumi umemaliza. Watu mnapenda kujitesa.

#3 Mnyalu86
Ngano2, kichwa cha uzi umekisoma? Mwenzio afukuzwe bweni kwa ajili ya bakuli la mtindi? Kamwene MpishiBweni, karibu nyumbani, baridi bado haijaanza hiyo.

#4 BibiSiagi
Napinga mimi. Yogati inaganda bila moto wowote. Chukua maziwa ya boksi, tia vijiko vitatu vya yogati isiyo na ladha, koroga, funga bakuli kwa blanketi zito na khanga juu yake, weka kabatini usiku. Asubuhi imesimama. Dar tunafanya hivyo siku zote na hakuna anayewasha kitu.

#5 FundiMgando
BibiSiagi kasema kweli kwa matokeo ila kakosea sababu, na hiyo sababu ndiyo itakayomponza mtu wa Iringa.

Blanketi halitoi joto, linachelewesha tu joto lililomo lisitoke. Ukifunga maziwa ya nyuzi 43, yatachelewa kupoa. Ukifunga maziwa ya nyuzi 18, umeyahifadhi yabaki na nyuzi 18, tena asubuhi chumba kikianza kupata joto, bakuli lako ndilo la mwisho kulipata. Kule Dar yogati iliganda kwa sababu kabati lenyewe lilikuwa na nyuzi 29 au 30. Toa blanketi na itaganda vilevile.

Mbegu ya yogati ni bakteria wawili wanaosaidiana, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Wanakimbia sana kati ya nyuzi 40 na 45, lita inasimama kwa saa nne hadi sita. Lakini 43 si mstari wa kufa na kupona. Kwenye nyuzi 30 bado wanafanya kazi, polepole, na viwandani upo utaratibu wa zamani wa kugandisha usiku kucha kwa nyuzi 30, unaochukua kama saa 16 hadi 18. Chini ya hapo wanazidi kuzubaa, na kwenye nyuzi 20 utasubiri hadi bakteria wengine waingie wakuchukulie maziwa.

Kwa hiyo swali la "ipi inafaa jiko lisilo na moto" halina jibu mpaka mtu aseme jiko liko wapi. Chumba cha Dar mwezi wa 2 na chumba cha Iringa mwezi wa 7 ni mashine mbili tofauti.

#6 BibiSiagi
Sasa kama inaganda na moto sijawasha, nimekosea wapi? Swali lilikuwa jiko lisilo na moto, na langu halina. Blanketi nitaendelea nalo, linazuia mende.

#7 MpishiBweni
Hahaha, sawa bibi. Kwangu ni 15 mpaka 20, hapo yogati naiweka kando. Tuzungumzie hizo za chumba.

#8 SotetMzee
Hujambo kijana. Huku Uasin Gishu baridi yetu haina tofauti na yenu na mursik, mtindi wetu wa kibuyuni, inaiva bila kuatamishwa. Maziwa yanachemshwa, yanapozwa kabisa, ndipo yanamiminwa kwenye kibuyu cha sotet kilichosafishwa na kusuguliwa ndani kwa mkaa wa kijiti cha senetwet. Kinafunikwa, kinakaa mahali pa baridi siku kadhaa. Mbegu haitiwi kwa kijiko kwa sababu imo kwenye ukuta wa kibuyu. Mala ya dukani nayo ni ukoo huohuo wa bakteria wa joto la chumba, ila wametiwa kwa kipimo.

Kwa hivyo hiyo habari ya "mbegu za Ulaya" isikuchanganye. Maziwa lala yamelala kwetu bila moto kabla ya hizo pakiti.

#9 DoktaMifugo
Mzee Sotet kataja neno moja ambalo watu wa jiko lisilo na moto hulirukia: maziwa yanachemshwa KWANZA. MpishiBweni huwezi kuchemsha, kwa hiyo maziwa mabichi ya mtaani usiyaguse hata kama yanatoka kwa jirani mwaminifu. Watu wanaamini ukali wa mtindi unaua kila kitu. Hauui. Vimelea vya brusela vinaweza kubaki hai siku kadhaa ndani ya maziwa yaliyochachuka, na kifua kikuu cha ng'ombe hakiogopi mtindi pia.

Jambo la pili kuhusu maziwa ya mtaani ni dawa. Ng'ombe akitibiwa kiwele kwa penisilini na maziwa yakauzwa kabla ya siku za kusubiri kuisha, mbegu inakufa humo, na wale wa yogati ndio wepesi zaidi kudhurika. Dalili yake ni kwamba saa zinapita, maziwa yako vilevile, matamu, hayana harufu ya uchachu. Ili ujue kama kosa ni la mbegu au la maziwa, tia mbegu ileile kwenye glasi ya maziwa ya boksi, uweke glasi mbili pamoja. Ya boksi ikiganda na nyingine isigande, mbegu haina kosa.

#10 MpishiBweni
Asante Dokta. Basi ni maziwa ya boksi au yale ya paketi laini? Na nianze vipi hasa, vipimo?

#11 FundiMgando
Boksi. Ya paketi yamepashwa moto kiasi cha kuua vimelea vya magonjwa, lakini yana bakteria waliosalia wa kuharibu maziwa, na kwenye chumba cha nyuzi 18 mbegu yako inaanza taratibu, kwa hiyo wale wanapata muda. Maziwa ya boksi yamepitishwa nyuzi 135 hadi 140 kwa sekunde chache na kufungwa bila kuingiza kitu, kwa hiyo ukilifungua boksi, mgeni wa kwanza ni mbegu yako.

Hasara ya boksi ni uzito. Mtindi wake huwa mwepesi kidogo kuliko wa maziwa yaliyochemshwa taratibu nyumbani. Dawa yake ni maziwa ya unga, vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa kwa lita. Koroga unga kwanza na maziwa kidogo kwenye kikombe mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine kwenye mengine. Ukinyunyiza unga juu ya lita nzima utapata vidonge vinavyoelea.

Vyombo ndio mtihani wako, maana huna maji ya moto. Osha kwa sabuni, suuza, kisha tumbukiza kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato. Ile ya asilimia 3.5 ni kijiko kimoja cha chai kwa lita ya maji masafi, dakika kumi. Baada ya hapo suuza kwa maji ya kunywa na uache chupa ikauke ikiwa imeinamishwa. Usiruke kusuuza, klorini iliyobaki inaua mbegu kama ilivyoua uchafu.

Kwa nyuzi zako 15 hadi 20, tia mbegu nyingi kuliko maandishi ya pakiti yanavyodai. Kwa mtindi ulio hai, vijiko vitatu vya chakula na nusu kwa lita, ambayo ni kama asilimia 5. Koroga polepole, funika kwa kifuniko kisichokazwa, weka mahali ambapo hapatikiswi. Anza asubuhi ili saa za kwanza zipate joto la mchana, kwa sababu bakteria wakishachukua maziwa mapema, usiku wa baridi hauwarudishi nyuma sana. Ukianza saa mbili usiku, unawapa saa kumi za baridi wakiwa bado wachache. Tegemea siku nzima hadi siku moja na nusu.

Utajua imeiva ukiinamisha chupa na mgando ukajitenga na ukuta kwa pamoja, harufu ikiwa ya uchachu safi wa siagi. Ukitaka uhakika, tumia karatasi za kupimia asidi za maabara: isome 4.6 au chini yake.

#12 Mnyalu86
Na kama siku ya pili haijaganda?

#13 FundiMgando
Ikifika saa 48 bado majimaji, mwaga. Usionje "kuangalia". Kama imeganda lakini ina mapovu yaliyotoboa mgando na harufu chafu, mwaga. Doa la waridi au la machungwa juu, mwaga pamoja na mbegu uliyokuwa unaihifadhi. Kinachotisha kwenye baridi ni kile kipindi cha mwanzo asidi ikiwa haijapanda. Bakteria wa mikononi, stafilokokasi, wakipata maziwa matulivu wanaweza kuacha sumu ambayo haiondoki hata mtindi ukiiva vizuri baadaye. Ndiyo maana nasisitiza mbegu nyingi na vyombo safi.

#14 EspooMzaramo
Salamu kutoka Finland. Huku "kuganda bila moto" ni mambo ya kila siku kwa hiyo nichangie.

Viili inasimama kwenye nyuzi 18 hadi 22, saa 20 hadi 24. Unapaka kijiko kimoja cha viili ya jana chini ya bakuli, unamimina maziwa juu, unaacha. Inavutika kama mlenda, na viili ya asili ina utando wa kuvu mweupe laini juu kama mahameli. Filmjölk ya Sweden ni jamaa yake ila haivutiki, inamiminika kama mala ya Kenya.

Kwa chumba cha nyuzi 15 hadi 20 mimi ningechagua kefir ya nafaka, yaani zile punje za mbegu yake. Kijiko kimoja cha nafaka kwa nusu lita, saa 24 hadi 36, chuja, rudisha nafaka kwenye maziwa mapya. Ndani yake kuna bakteria wengi tofauti pamoja na hamira, wameshikana kwenye punje, hivyo hata joto likiyumba kuna kundi linalofanya kazi. Viili ikiyumba inakuangusha.

#15 Ngano2
Utando wa kuvu? Huyo ameuliza mtindi, nyie mnampeleka kwenye ukurutu.

#16 BibiSiagi
Na kefir usichuje kwa chujio la chuma, nafaka zinakufa.

#17 EspooMzaramo
Shikamoo bibi. Chujio la chuma kisichoshika kutu halina shida, maziwa yanapita kwa sekunde chache tu. Usihifadhi nafaka kwenye bakuli la aluminiamu au shaba kwa siku nzima, hapo asidi inakula chombo. Ngano2, kuvu wa viili anajulikana kwa jina, Geotrichum candidum, na ni mweupe. Akija wa kijani au mweusi huyo hakualikwa.

#18 Mwanakemia_Igumbilo
Mmeitupa yogati haraka mno. Sheria ya bweni inakataza kuwasha, haikatazi kununua maji ya moto. Mama ntilie getini anauza chai asubuhi, nenda na chupa ya chai ya lita mbili.

Hesabu ni hii. Maziwa lita moja yana nyuzi 18, unayataka 44, yaani yanahitaji kupanda nyuzi 26. Uyaweke ndani ya deli dogo la barafu lenye maji lita mbili. Ili yote yakutane kwenye 44, maji yaanze na nyuzi 57, kwa sababu lita mbili zikishuka nyuzi 13 zinatoa joto lilelile linalopandisha lita moja nyuzi 26. Ili kupata lita mbili za nyuzi 57, changanya karibu lita moja ya maji yanayochemka nyuzi 100 na lita moja ya maji ya bomba. Funika deli, saa sita imeganda. Moto hujawasha.

#19 FundiMgando
Mwanakemia, nimeipenda, ila una mambo mawili ya kurekebisha. Iringa iko mita kama 1,500 na zaidi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Yakishamiminwa kwenye chupa ya chai na kutembezwa hadi bwenini, hesabu 90. La pili, hukuhesabu joto litakalonyonywa na chupa za glasi na kuta za deli.

Kwa hiyo achukue lita moja na robo ya maji ya moto na robo tatu lita ya maji ya bomba. Kabla ya hapo atie maji ya moto kidogo ndani ya deli tupu, afunike dakika tano, ayamwage, ndipo aanze. Maziwa yakae humo bila mbegu mpaka kipimajoto kisome kati ya 42 na 45 katikati ya chupa, na akoroge mara mojamoja kwa sababu ukingo unatangulia kupata moto. Hapo ndipo mbegu iingie, vijiko viwili vya chakula kwa lita. Ukitia mbegu mwanzoni, ile iliyo karibu na ukuta wa chupa inapigwa na maji ya nyuzi 60 na zaidi, na juu ya 50 inaanza kuumia.

Deli likifunikwa vizuri, joto litashuka taratibu. Hata likifika 37 saa za mwisho si tatizo, kazi kubwa imeshafanyika. Likiwa deli la kifuniko kilicholegea, hapo ndipo blanketi la BibiSiagi linapata kazi halali.

#20 BibiSiagi
Nilijua mtanirudia.

#21 Mnyalu86
Kwa nini asitumie jua? Iringa mwezi wa 7 mchana kuna jua kali, chupa nyeusi ndani ya sanduku la kioo inapata moto wa bure.

#22 Mwanakemia_Igumbilo
Inapata moto mno. Sanduku la kioo likielekezwa juani linapita nyuzi 60 bila shida, na wingu likija linashuka ghafla. Utalazimika kukaa nalo. Tena maziwa kwenye chupa angavu juani yanapata ladha ya karatasi iliyoungua, mwanga unaharibu. Kama ni lazima, pashia maji kwa jua kisha uyatumie kwenye deli badala ya yale ya mama ntilie. Chupa ya maziwa ibaki kivulini.

#23 TanganiPembe
Mimi kesi yangu kinyume, huku Tanga. Chumba nyuzi 31, nilinunua pakiti ya mbegu ya mala, nikafuata maelekezo, saa 24. Nimekuta jiwe jeupe limeelea juu ya maji ya kijani, kali hadi meno yanauma. Mbegu mbovu?

#24 FundiMgando
Mbegu nzima kabisa. Saa 24 ni za nyuzi 20 hadi 22. Kwa 31 inasimama kwa saa nane hadi kumi, na muda uliobaki asidi inaendelea kubana mgando mpaka maji yanakamuliwa nje. Wale wanaotoa harufu ya siagi nao wanapenda ubaridi, kwenye joto wanaachwa nyuma na unabaki na ukali mtupu. Tia mbegu kidogo, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, na uanze usiku uitazame alfajiri. Au fanya kama bibi: kwa nyuzi 31 chumba chako kinaikubali yogati kuliko mala.

#25 TanganiPembe
Kuzungushia kitambaa kibichi ili kipoe?

#26 Mwanakemia_Igumbilo
Dodoma kitapoa nyuzi kadhaa, hewa ni kavu. Tanga hewa imeshiba maji, kitambaa kitabaki kibichi na chupa haitapoa cha maana.

#27 MpishiBweni
Asanteni. Sasa kuna jambo moja halijaguswa. Friji sina. Nikishagandisha, ipi inakaa vizuri chumbani siku mbili? Na mbegu ya raundi inayofuata naihifadhi vipi?

#28 EspooMzaramo
Za joto la chumba. Bakteria wake wakuu, Lactococcus, wakifika kiwango fulani cha asidi wanajizuia wenyewe, karibu na 4.3 hivi. Bulgaricus wa yogati hana adabu hiyo, anaendelea polepole hata baada ya wewe kutosheka, kwa hiyo yogati iliyoachwa mezani inazidi kuwa kali.

#29 BibiSiagi
Kwangu ni kinyume. Mtindi wa mgando ukikaa siku ya pili unaanza kunuka pombe na kuvimba, yogati inakuwa kali tu lakini hainuki. Ukali ndio unaoilinda.

#30 DoktaMifugo
Huenda mnasema kweli wote wawili kwa vyumba viwili. Kwenye nyuzi 18 bulgaricus amelala, hivyo yogati ya deli ikishapoa haizidi kuwa kali haraka, na mtindi nao umetulia. Kwenye 30 hamira za hewani zinaingia kwenye mtindi usio mkali sana, na hiyo pombe ya bibi nadhani ndiyo hiyo.

#31 EspooMzaramo
Nadhani bibi anafungua bakuli mara nyingi. Hamira haipiti kwenye kifuniko.

#32 BibiSiagi
Bakuli langu unalifungua wewe?

#33 FundiMgando
Mbegu ya raundi inayofuata: usichote kutoka kwenye chupa mnayokula. Wakati wa kugandisha, tenga chupa ndogo ya mililita 100 kando, ifunge, isiguswe mpaka raundi ijayo. Mtindi na viili ukizigandisha upya kila siku mbili au tatu chumbani kwako zitaendelea. Zikikaa zaidi ya wiki bila friji zinadhoofika. Kefir rahisi zaidi, nafaka zinahamia moja kwa moja kwenye maziwa mapya.

Yogati ya dukani kama mbegu inafaa raundi chache. Wale wawili lazima wawe kwenye uwiano fulani, na kila raundi ya joto lisilo sawa inampendelea mmoja. Deli linalopoa kutoka 44 hadi 36 linampa thermophilus nafasi zaidi, hivyo baada ya muda yogati inakuwa laini na haina ule ukali wake. Ukiona hivyo nunua mpya. Soma pia maandishi: kama yanasema inahifadhika nje ya friji, imepashwa moto baada ya kuganda na haina kiumbe hai. Yenye vihifadhi na ladha ya stroberi achana nayo.

#34 SotetMzee
Kuna wanaosema mbegu inachoka kwa virusi vya bakteria, si kwa uwiano.

#35 FundiMgando
Mzee, vipo, na viwandani ndivyo vinavyoogopwa zaidi. Kwa mtu wa chupa mbili ni vigumu kutofautisha. Virusi mara nyingi humaliza mchezo ghafla: jana imeganda, leo maziwa. Uwiano unaharibika kidogo kidogo. Lakini kwa macho peke yake siwezi kuapa.

#36 Mnyalu86
Niongeze la kwangu kabla uzi haujafungwa. Mtindi wangu wa mbegu ya kawaida kabisa, si viili, mwezi wa 6 ulianza kuvutika kwenye kijiko. Haunuki, ladha nzuri. Ni salama?

#37 EspooMzaramo
Baridi. Baadhi ya Lactococcus hutengeneza sukari ndefu inayovutika, na wanaitengeneza zaidi wakiwa kwenye ubaridi kuliko kwenye joto lao. Umepata viili bure, kula.

#38 DoktaMifugo
Au ni mgeni. Wapo bakteria wa maji na wa vyombo wanaofanya maziwa yavutike, na wao pia wanapenda baridi. Tofauti yake ni kwamba hao huvutisha maziwa kabla hayajawa machachu. Ulitazama mapema?

#39 Mnyalu86
Sikutazama, nilikuta imeganda na inavutika kwa pamoja.

#40 Mwanakemia_Igumbilo
Gawa mbegu mara mbili. Nusu gandisha kwenye deli kwa nyuzi 28 hadi 30, nusu kwenye chumba cha baridi, maziwa ya boksi moja, vyombo vya klorini. Kama mvutiko unapotea kwenye joto na kurudi kwenye baridi huku zote zinaiva kwa wakati, naungana na Espoo.

#41 DoktaMifugo
Hata mgeni wa maji angepungua kwenye 30, mbegu ikikimbia na kumfunika. Jaribio lako halitenganishi. Atie mbegu kutoka pakiti mpya, chumba kilekile cha baridi, vyombo vilevile. Ikivutika tena, shaka iende kwenye vyombo au maji ya kusuuzia.

#42 EspooMzaramo
Ama pakiti mpya nayo ina wale wanaovutika.

#43 Mnyalu86
Kwa hiyo nile au nisile?

#44 DoktaMifugo
Hiyo mwaga. Mbegu mpya ni bei ya chai na andazi.

#45 MpishiBweni
Nimezungumza na mama ntilie, lita moja na robo ya maji ya moto ananipa bure nikinunua chai. Mtindi utaanza asubuhi chumbani, yogati kwenye deli Jumamosi. Fundi, swali dogo: kama deli langu ni la lita tano na chupa ni mbili za nusu lita, ile nafasi tupu juu ya maji ina madhara?

#46 FundiMgando
Ina madhara. Hewa hiyo inanyonya joto kila ukifungua kifuniko. Ijaze kwa taulo kavu lililokunjwa, na kipimajoto ukitoe mara moja tu saa ya tatu. Maji yafike usawa wa maziwa ndani ya chupa, yasifike kwenye kifuniko.

#47 Ngano2
Jiko la gesi lingekuwa limemaliza zamani.